Njano ya Bizari Kwenye Nepi

Kliniki, siku ya kupima uzito, mama wa mtoto wa wiki mbili analalamika kuwa wake anapata choo kila akinyonya, hata mara tisa kwa siku, na choo chenyewe ni laini mno. Anadhani ni kuharisha. Aliyekaa naye benchi ana mtoto wa miezi miwili na shida yake ni kinyume: leo siku ya sita mtoto hajapata kitu. Kwenye benchi hilo hakosekani mtu wa kutaja chango, wala wa kushauri kipande cha sabuni. Mara nyingi watoto wote wawili ni wazima. Mtoto mwenye shida anaweza kuwa wa tatu, yule aliyelala kimya, ambaye nepi zake hazijazungumziwa kwa kuwa yeye anapata choo mara tatu kwa siku bila usumbufu wowote. Choo chake kimepauka.

Rangi ya choo cha mtoto inatokana na nyongo, maji ya kijani na njano yanayotengenezwa na ini na kushuka kwenye utumbo kupitia mirija myembamba. Hata kile choo cheusi cha kwanza, kinachonata kama lami, kimetiwa rangi na nyongo. Kilijikusanya tumboni mwa mama, kutokana na maji ya uzazi aliyomeza mtoto, ute wa utumbo na vijinyweleo vilivyomtoka mwilini. Kinatakiwa kuanza kutoka ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Zikipita bila choo, mwambie mkunga au muuguzi hata kama mtoto ananyonya, kwa sababu wapo watoto wachache wanaozaliwa na sehemu ya mwisho ya utumbo isiyo na neva za kusukuma choo, na wengine njia yenyewe haikufunguka. Tumbo likivimba, au mtoto akitapika matapishi ya kijani, hapo hakuna kungoja kukuche. Ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Dang'a, yale maziwa mazito ya siku za mwanzo, husaidia kuusafisha utumbo. Kufikia siku ya tatu weusi unageuka kijani chenye ukahawia, na siku ya nne au ya tano choo kinakuwa njano kama bizari, chenye chembechembe kama mbegu ndogo. Mtoto wa siku tano ambaye bado anatoa choo cheusi huwa hapati maziwa ya kutosha. Hapo usianze kutafuta dawa ya tumbo. Angalia anavyoshika ziwa: je, ameingiza kinywani chuchu na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, na unasikia akimeza? Hesabu mikojo pia. Kuanzia siku ya tano au ya sita inatakiwa kufika sita au zaidi kwa siku. Mpeleke akapimwe uzito na umwombe muuguzi akutazame ukinyonyesha.

Katika wiki za mwanzo, choo mara tatu au nne kwa siku ni dalili nzuri, na mara nane au kumi si ajabu. Kuwa laini hakukifanyi kuwa cha kuharisha. Mtoto anayeharisha hubadilika ghafla: choo kinazidi kile alichozoea, kinakuwa maji matupu au chenye ute, kinanuka vibaya, naye ananyong'onyea na kukojoa kidogo. Kijani cha siku moja mbili kwa mtoto mchangamfu hakina neno.

Baada ya wiki sita hivi mambo hubadilika. Maziwa ya mama huyeyushwa karibu yote, masalia yakawa machache, na mtoto anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, bila choo. Kitakapotoka huwa kingi na laini. Kukunja uso na kuwa mwekundu wakati wa kusukuma si kufunga choo. Kufunga choo ni kutoa vigololi vikavu, jambo adimu kwa anayenyonya maziwa ya mama pekee. Kwa hiyo yule wa siku ya sita aachwe, maadamu ananyonya, anakojoa, anaongezeka na tumbo lake ni laini. Sabuni itamchubua bure. Ila kipimo hiki kisitumiwe kwa mtoto wa wiki mbili: yeye akikosa choo kwa siku nzima au zaidi, kwanza tuulizie maziwa.

Damu kwenye nepi, hata mstari mwembamba, ionwe na mtaalamu. Vivyo hivyo weusi ukirudi baada ya choo kuwa njano. Huenda mtoto amemeza damu ya chuchu iliyopasuka, lakini huenda inatoka tumboni mwake, na hilo haliamuliwi nyumbani.

Turudi kwa mtoto wa tatu. Tuseme alizaliwa na kilo 3.1, akawa na umanjano siku ya tatu kama watoto wengi. Nyumbani wakaambiwa wamwote jua la asubuhi. Ngozi ikapungua kidogo, macho hayakutakata. Sasa ana wiki tano, ananyonya vizuri, uzito unapanda, na kila anayemwona anasema ni umanjano wa maziwa ya mama, utaisha. Umanjano huo upo kweli na hauna madhara, ndiyo maana unapoteza watu njia. Mwenye nao tu, choo chake hubaki njano na mkojo wake ni mweupe kama maji. Wa mtoto huyu unaacha doa la njano iliyokolea kwenye nepi, na choo, ambacho mwanzoni kilikuwa na rangi, sasa ni kama chokaa au udongo wa mfinyanzi. Bibi anasema anakunya maziwa aliyonyonya. Hapana. Nyongo haifiki kwenye utumbo. Imezuiwa kwenye ini, na rangi yake inatafuta njia kupitia mkojo.

Moja ya sababu ni mirija ya nyongo kuharibika na kuziba. Jua haliifungui. Kinachohitajika ni kipimo cha damu kinachotenganisha aina mbili za bilirubini, kwa sababu jumla peke yake haionyeshi kama nyongo imekwama. Ikithibitika mirija imeziba, madaktari wa upasuaji huondoa ile iliyoharibika na kuunganisha kipande cha utumbo moja kwa moja kwenye ini. Njia hiyo ilianzishwa na daktari Mjapani, Morio Kasai, katika miaka ya 1950. Haiponyi kila mtoto, lakini hufaa zaidi ikifanywa kabla hajatimiza siku 60, kabla ini halijawa na makovu mengi. Mtoto wetu ana siku 35, na bado hajachukuliwa damu.

Kwa hiyo mtoto ambaye macho yake bado ni ya njano baada ya wiki mbili apimwe, hata akiwa mnene na mcheshi. Choo cheupe, cha kijivu au cha rangi ya krimu kisisubiri hata hizo wiki mbili. Kitazame mchana karibu na dirisha, maana chini ya taa ya njano au tochi ya simu choo kilichopauka kinaweza kuonekana kina rangi. Na ukienda kliniki, usiende na maelezo tu. Ikunje nepi yenyewe, itie kwenye mfuko, umfungulie daktari aione.