"Ghairi" ziko mbili: namna ya kusimamisha abonema kwenye tovuti ya lugha ya kigeni

Watu wenye kulipa vitu kwa karte ya banki kwenye enterneti wana lalamiko moja linalosikika mara mingi: "Ile abonema nilishaisimamisha, lakini bangali banakata feza yangu." Mtu huyo anaweza kuwa anasema kweli. Aliingia kwenye tovuti ya Kiingereza, akaomba simu imtafsirie ukurasa, akaona kitufe kimeandikwa "Ghairi", akakifinya. Ukurasa ukajifunga, naye akajua mambo yamekwisha. Lakini "Ghairi" ziko mbili, na yeye alifinya ile isiyofaa.

Neno moja, kazi mbili

Kwa Kiingereza, neno "Cancel" linafanya kazi mbili kwenye tovuti. Kazi ya kwanza ni kufunga tu kidirisha kilichofunguka mbele yako, yaani: "acha, nirudi nilikotoka." Kazi ya pili ni kumaliza mkataba wa malipo: "simamisha abonema yangu, msinikate tena."

Mashine ya kutafsiri haijui kila mara ni kazi gani inayotakiwa. Kwa Kiswahili inaandika "Ghairi" kwa zote mbili, neno la Kiswahili cha pwani ambalo sisi huku hatulitumii sana. Ukichagua Kifaransa, mara mingi utakuta "Annuler" pande zote mbili. Ndiyo maana kutafsiri peke yake hakutoshi. Inabidi pia ujue kitufe kinaghairi kitu gani.

Tuchukue mfano

Kijana wa Kadutu, hapa Bukavu, anatafuta kazi. Anapata tovuti ya Kiingereza ya kutengeneza CV. Tovuti inasema: lipa dola 1.95, ujaribu siku 7. Chini, kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba baada ya siku hizo 7 itakata dola 24.95 kila wiki 4. Kila wiki 4 siyo sawa na kila mwezi. Kwa mwaka inakuwa mara 13, zaidi ya dola 320. Kijana amepata CV yake siku ya kwanza. Siku ya 5 anataka kusimamisha.

Jambo la kwanza, anafungua tovuti ndani ya Chrome. Ikiwa anatumia aplikasio ya tovuti hiyo, Chrome haiwezi kumtafsiria, kwa sababu inatafsiri tu kurasa zilizofunguliwa ndani yake. Akisha kuingia kwa jina lake, anafinya nukta 3 za juu pembeni, halafu "Traduire…" kama simu yake iko kwa Kifaransa. Mstari mdogo unatokea wenye lugha mbili: lugha ya tovuti na lugha yake. Akifinya lugha yake, anaona tafsiri. Akifinya lugha ya tovuti, maneno ya asili yanarudi. Mstari huo asiufunge, kwa sababu atauhitaji mpaka mwisho.

Sasa anatafuta mlango. Kitufe cha kusimamisha si kawaida kukiona kwenye ukurasa wa kwanza. Kinakaa ndani ya akaunti, "Account", kwenye sehemu inayoitwa "Billing", "Subscription" au "Plan". Kwa tafsiri anaweza kusoma "Malipo", "Usajili" au "Mpango". Kama haoni kitu, anarudisha maneno ya asili, anafungua tena zile nukta 3, anachagua sehemu ya kutafuta neno ndani ya ukurasa, na kuandika "cancel". Chrome itamuonyesha kila mahali neno hilo liko, hata kama limeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu chini kabisa.

Anapata "Cancel subscription". Anafinya. Hapa ndipo watu wengi wanaachia, wakifikiri wamemaliza. Kumbe wameingia tu mlangoni.

Vitufe viwili mbele yako

Ukurasa unaofuata unamuuliza kwa nini anaondoka. Halafu mwingine unamwambia: baki, tutakupunguzia bei nusu. Kuna kitufe kikubwa cha rangi ya kijani, "Keep my plan", na chini yake maandishi madogo yasiyo na rangi, "Continue to cancel". Kile kikubwa maana yake ni "ninabaki". Yale madogo ndiyo njia ya kutoka. Kwa hiyo usifuate rangi. Mwenye tovuti ndiye anayechagua rangi, na yeye anataka ubaki.

Mwishoni kinafunguka kidirisha kidogo. Kimeandikwa kwa tafsiri: "Una uhakika unataka kughairi?" Chini kuna vitufe viwili: "Ghairi" na "Thibitisha". Kijana akifinya "Ghairi", kidirisha kinajifunga na abonema inaendelea. Alipashwa kufinya "Thibitisha".

Kanuni ya kushika ni hii. Neno "Cancel" likikaa peke yake kandokando ya "Confirm", "Yes" au "OK", kazi yake ya kawaida ni kufunga kidirisha tu. Lakini kitufe kikitaja kitu chenyewe, kama "Cancel subscription", "Cancel plan", "End subscription" au "Confirm cancellation", hicho ndicho kinamaliza mkataba. Na "Never mind" au "Go back" maana yake ni kurudi nyuma, hata kama tafsiri imeyaandika kwa namna ya kuchanganya. Kabla ya kufinya, rudisha maneno ya asili usome mara moja. Huhitaji kujua Kiingereza chote. Maneno haya machache yanatosha.

Soma kwa tafsiri, finya kwa asili

Kuna shida nyingine ambayo watu wanadhani ni koneksio mbaya. Unafinya kitufe, hakuna kinachotokea, au ukurasa wote unakuwa mweupe. Mashine ya kutafsiri inabadilisha maandishi ndani ya ukurasa, na tovuti nyingine za kisasa zinachanganyikiwa zikikuta maandishi yao yameguswa. Dawa ni kutumia tafsiri kwa kusoma tu. Kariri kitufe kiko mahali gani, rudisha lugha ya asili, na kama ukurasa umekwama, uupakie upya. Halafu finya mahali palepale.

Pia maandishi yaliyo ndani ya picha hayatafsiriwi. Ukiona ukurasa wote ni Kiswahili au Kifaransa lakini kitufe kimoja kimebaki kwa lugha ya kigeni, usikiruke. Inawezekana ni picha, na inawezekana ndicho unachokitafuta.

Vitufe vitatu vinavyodanganya

Cha kwanza ni "Unsubscribe", kinachokaa chini ya imeli wanazokutumia. Kwa Kifaransa kinatafsiriwa "Se désabonner", na mtu anaona ndiyo kusimamisha abonema. Hapana. Kwa kawaida kinasimamisha tu zile imeli za matangazo. Feza zinaendelea kukatwa, na tena hata ujumbe wa kukukumbusha unaweza usiupate.

Cha pili ni "Delete account", kufuta akaunti. Kwenye tovuti nyingine akaunti inafutika lakini malipo yanabaki, nawe huna tena mahali pa kuingia ili uyasimamishe. Simamisha malipo kwanza, hakikisha, ndipo ufute kama unataka.

Cha tatu kiko kwenye simu yenyewe: kutoa aplikasio. Kama ulilipia kupitia Play Store, kutoa aplikasio hakusimamishi kitu. Fungua Play Store, finya picha yako ya juu, ingia kwenye malipo na abonema, chagua ile abonema, na uisimamishe humo. Huko utakuta lugha ya simu yako, huna haja ya kutafsiri.

Tovuti za Kijerumani

Wenye jamaa Ujerumani, au waliojiandikisha kwenye tovuti za huko, wana bahati kidogo. Kijerumani kinatenganisha zile kazi mbili: "Abbrechen" ni kufunga kidirisha, "Kündigen" ni kumaliza mkataba. Na tangu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2022, sheria ya Ujerumani inadai kwamba tovuti zinazouzia watu wa huko abonema ziweke kitufe cha wazi "Verträge hier kündigen", yaani maliza mikataba hapa, halafu cha kuthibitisha, "Jetzt kündigen". Mara mingi cha kwanza kiko chini kabisa ya ukurasa. Usikitafute kwa tafsiri, kitafute kwa maneno yake ya asili.

Unajuaje kama imekubali?

Kufungika kwa kidirisha si ushahidi. Rudi kwenye ukurasa wa "Subscription". Kabla, palikuwa pameandikwa "Renews on" na tarehe, yaani itaanza upya siku fulani. Kama umefaulu, patakuwa pameandikwa "Cancelled", au "Ends on" au "Active until" na tarehe. Hiyo ya mwisho isikuogopeshe: maana yake utaendelea kutumia mpaka siku hiyo, kisha basi. Lakini ukiona bado "Renews on", rudi mwanzo. Kuna kitufe kimoja hukukifinya.

Piga picha ya ekrani inayoonyesha tarehe hiyo, na ungojee imeli ya kuthibitisha. Isipofika kwenye ujumbe wa kawaida, angalia kwenye "Spam". Ikikosekana kabisa, au kama tovuti haina kitufe chochote, waandikie kwa anwani inayopatikana kwenye "Contact" au "Help". Maneno haya yanatosha, ukiweka imeli uliyojiandikisha nayo:

```
Please cancel my subscription and stop all charges to my card.
My account email is: ...
Please confirm by email.
```

Ujumbe huo unasema: simamisheni abonema yangu, msikate tena kwenye karte yangu, mnithibitishie. Utume kabla siku za kujaribu hazijaisha, na utunze nakala. Kama wakikata feza baada ya hapo, nenda banki na ile picha pamoja na ile imeli, uombe kupinga malipo hayo. Banki inaweza pia kufunga karte, lakini ujue kwamba kufunga karte kunazuia feza kutoka tu. Mkataba na tovuti unabaki wazi mpaka ufinye kile kitufe cha mwisho, au wao wenyewe wakuandikie kwamba umekwisha.