Mrija wa Rehema na Kikomo cha Mita 10

Mjomba wake Rehema ni fundi wa pampu mjini Mombasa, na wiki ile kisima kimoja kilikuwa kimemshinda. Maji yalikuwa mita 12 chini, pampu imefungwa juu kwenye sakafu ya zege, injini inanguruma mchana kutwa na hata tone halitoki. Mwenye kisima alishasema atanunua pampu yenye nguvu zaidi. Rehema, binti wa miaka 12, alikuwa akinywa soda kwa mrija huku akisikiliza.

"Mjomba, kwani mrija unaweza kuwa mrefu kiasi gani?"

Mjomba hakumjibu moja kwa moja. Soda ilipokwisha, alijaza maji kwenye ile chupa ya kioo karibu pomoni, akarudisha mrija, kisha akauzungushia unga wa chapati uliokandwa mpaka mdomo wa chupa ukazibika kabisa. (Soda yenyewe isingefaa, maana gesi yake ingeyasukuma maji na kuharibu jaribio.) "Haya, vuta."

Yalipanda maji kidogo, kisha yakagoma. Rehema alivuta mpaka mashavu yakabonyea ndani. Mjomba akachukua sindano, akatoboa unga. Papo hapo maji yakamjaa mdomoni.

Rehema alinyamaza akiutazama ule upenyo. "Kumbe simvuti mtu," akasema. "Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma."

Hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Mtu anayevuta mrija huondoa sehemu ya hewa iliyomo ndani yake, basi. Hewa iliyo juu ya maji ya chupa, ambayo daima inayakandamiza, hukosa mpinzani wa kutosha ndani ya mrija, ikayasukuma maji kwenda juu. Ukiifungia nje hewa hiyo, mapafu yenye nguvu kiasi gani hayatasaidia.

Kama hewa ndiyo inayosukuma, basi nguvu yake ina mwisho. Karibu na usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila sentimita mraba moja kwa uzito unaokaribia kilo 1. Sasa fikiria bomba ambalo tundu lake lina eneo la sentimita mraba moja, limejaa maji hadi mita 10. Maji hayo ni lita 1, na uzito wake ni kilo 1. Mizani imelingana. Bomba likiwa nene mara mbili kwa eneo, uzito wa maji unaongezeka mara mbili, na msukumo wa hewa vilevile, kwa hiyo kimo hakibadiliki.

Rehema alitaka kuona kwa macho. Mjomba akaleta mpira mnene unaopitisha mwanga, wa aina ile mafundi ujenzi wanayotumia kupimia levo. Mwembamba ungebonyezwa na hewa ukaziba. Wakaujaza maji, koki ikafungwa upande mmoja, upande wa pili ukabaki umezama kwenye ndoo. Mjomba akapanda ngazi za jengo la ghorofa nne akiupandisha ule wenye koki kwa kamba, na Rehema akapanda naye, macho kwenye mpira.

Ulipokaribia mita 10 kutoka usawa wa maji ya ndoo, mpira uliendelea kupanda lakini maji yalibaki nyuma. Juu yake palitokea nafasi isiyo na maji, na mapovu madogo yakaanza kupanda, kama maji yanayochemka, ingawa hayakuwa ya moto. Ni hewa iliyoyeyuka majini pamoja na mvuke, vinavyotoka pale mgandamizo unapopungua. Mjomba alipofungua koki, hewa ikaingia na maji yote yakashuka, ndoo ikafurika.

Galileo alikwisha kuandika juu ya kikomo hiki mwaka 1638, lakini alidhani nguzo ya maji hukatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba iliyozidiwa. Torricelli, miaka michache baadaye, ndiye aliyeiona hewa. Alitumia zebaki, nzito kuliko maji takriban mara 13.6, nayo ikasimama kwenye sentimita 76 tu. Zidisha, utapata mita 10 na kidogo.

Kwa hiyo pampu kubwa isingemfaa mwenye kisima, kwa kuwa hata ikiondoa hewa yote bombani, mita 2 zingebaki. Ilibidi ashushe pampu ya kuzamisha majini, ambayo huyasukuma maji kutoka chini, na msukumo huo haufungwi na kikomo cha hewa.

Kazini, mjomba hakubali pampu ya kuvuta ikae zaidi ya mita 7 hivi juu ya maji, kwa sababu msuguano wa bomba na viungo vinavyopitisha hewa hula sehemu ya msukumo. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi zaidi, hata kikomo chenyewe ni kama mita 8 tu. Na kipimo huanzia usawa wa maji, tena wakati wa kiangazi yanaposhuka. Pampu iliyozidiwa hujitambulisha kwa sauti: hukwaruza ndani kana kwamba imemeza kokoto, maji yakitoka kwa vipande au yasitoke kabisa.