Mlango wa Mita Mbili Unapogeuka Sentimita Mbili

Mchoraji amemaliza mlango wake ndani ya Blender. Una urefu wa mita 2.1, kama milango mingi ya nyumba. Anautoa kwa faili la OBJ, anauingiza Unreal Engine, na mlango hauonekani. Kumbe upo, umesimama sakafuni, ila haufiki urefu wa kidole gumba.

Hakuna kilichoharibika njiani. Faili la OBJ hubeba namba tupu, bila kusema ni namba za nini. Blender iliandika 2.1 ikimaanisha mita. Unreal, ambayo yuniti yake moja ni sentimita, ikasoma sentimita 2.1. Safari ya kinyume huzaa jitu: mlango uliochorwa Maya kwa sentimita 210 ukifunguliwa Blender kwa OBJ, unasimama mita 210. Faili za STL nazo hazina yuniti, na programu za uchapishaji wa 3D kwa kawaida huzisoma kwa milimita.

Kwa hiyo ukubwa wa kosa humtaja mkosaji. Modeli ikipishana na kipimo chake mara 100, mita na sentimita zimegongana. Ikiwa mara 1000, ni mita na milimita. Ikiwa mara 25.4, kuna mtu alichora kwa inchi.

FBX ina nafuu, kwa sababu ndani yake mna `UnitScaleFactor` inayoeleza yuniti ya faili. Lakini nafuu hiyo ina mtego. Blender ikitoa FBX kwa mpangilio wake wa kawaida, mlango unaweza kufika Unity ukiwa na mita 2.1 kamili machoni, huku sehemu ya Scale ikisoma 100 badala ya 1. Fundi akipachika kitasa cha sentimita 10 chini ya mlango huo, kitasa kinarithi ile 100 na kuwa cha mita 10. Dawa ni kuchagua `FBX All` kwenye `Apply Scalings` wakati wa kutoa, baada ya kubonyeza `Ctrl+A` na kuchagua `Scale` ili modeli yenyewe isibaki na ukuzaji uliofichwa.

Wengine huivuta tu modeli, au huisogeza kamera, mpaka picha ipendeze. Macho yanaweza kudanganywa hivyo. Mvutano wa dunia haudanganyiki. Kitu kikidondoka kutoka mita 2 hutua kwa sekunde 0.64 hivi. Dunia nzima ya gemu ikiwa kubwa mara 100, kimo kile kinakuwa mita 200 na kuanguka kunachukua sekunde 6.4. Kila kinachodondoka kinaelea polepole kana kwamba kiko majini, na fundi anahangaika na mipangilio ya fizikia isiyo na kosa lolote.

Kabla ya kuhamisha kazi ya wiki nzima, hamisha kwanza mchemraba wa mita 1 kwa njia ileile, kisha uweke kando ya mchemraba wa mita 1 uliotengenezwa ndani ya injini. Visipolingana, rekebisha mpangilio wa kutoa faili, usiiguse modeli.