Mhariri wa Afya Hanunui Mada, Ananunua Engo

Mwandishi wa kujitegemea akimwandikia mhariri wa afya kwamba anaomba kuandika kuhusu "presha: dalili, sababu na tiba", asishangae akikosa jibu. Presha ina wasomaji wengi, lakini makala hiyo mhariri anayo tayari, pengine zaidi ya moja, na barua haikumwambia hii nyingine itakuja na jipya gani. Presha ni mada tu. Mhariri anatafuta engo, yaani swali moja dogo lenye jibu ambalo wasomaji wake hawajawahi kuelezwa.

Tuichukue presha hiyohiyo. Kwanza, pitia yale ambayo mhariri huyo amekwisha kuchapisha. Tuseme umekuta makala za chumvi, mazoezi na dawa, ila hakuna iliyogusa upimaji wenyewe. Hapo pana pengo. Sasa tafuta ushahidi wa kuliziba. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 133 waliopimwa presha mkono ukiwa katika mikao tofauti. Ukilinganisha na mkono uliowekwa juu ya meza, mkono uliolazwa mapajani ulipandisha namba ya juu kwa wastani wa karibu 4, na ulioachwa kuning'inia uliipandisha kwa 6.5. Mada imeshapata engo, na barua inaweza kuandikwa hivi:

*Kichwa: Pendekezo la makala – Mkono wako ulikuwa wapi ulipopimwa presha?*

*Ndugu Mhariri,*

*Mtu mwenye presha ya 136 kwa 86 anaweza kuambiwa ana 142 kwa 90, yaani amevuka mpaka wa 140 kwa 90, kwa sababu tu mkono wake ulikuwa unaning'inia alipopimwa.*

*Napendekeza makala ya maneno 900 itakayomweleza msomaji mambo anayoweza kuyasimamia mwenyewe kabla ya kipimo: kwenda haja ndogo, kutulia kwa dakika tano, kuegemeza mgongo, kutokunja nne, kunyamaza, na kuweka mkono mezani usawa wa moyo. Nitatumia utafiti wa Johns Hopkins wa mwaka 2024 (kiungo kipo hapa chini) na kuzungumza na muuguzi wa kliniki ya presha pamoja na mfamasia. Makala zenu zimewaeleza wasomaji la kufanya wakishaambiwa wana presha. Hii itawasaidia kupata namba ya kuaminika. Haitamshauri mtu yeyote kuacha dawa.*

*Naweza kuikabidhi wiki mbili baada ya kukubaliwa. Haijachapishwa kokote, na sina maslahi yoyote kwa wauzaji wa mashine za presha. Nimeambatanisha viungo vya makala zangu mbili.*

Barua hii haikuanza na maisha ya mwandishi wala sifa za jarida. Imeanza na jambo lenyewe, kwa sababu mhariri huamua mapema kama ataendelea kusoma. Sentensi ya kuacha dawa nayo ina kazi yake. Hofu ya kwanza ya mhariri wa afya ni msomaji atakayedhurika, na makala inayotilia shaka vipimo inaweza kumfanya mgonjwa avitupe vidonge vyake. Mwandishi ameiona hatari hiyo kabla ya kuulizwa.

Barua nyingi za afya huharibikia kwenye ushahidi. Mwandishi anasoma habari kuhusu utafiti badala ya utafiti wenyewe, kisha anaahidi makuu: "Wagonjwa wengi wa presha hawaumwi." Watafiti wale hawakupima jambo hilo. Walipima tofauti inayoletwa na mkao wa mkono, kwa watu 133, tena kwa wastani. Ndiyo maana barua yetu inasema "anaweza kuambiwa". Aidha, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa kuwa na presha akipimwa siku mbili tofauti na namba zikawa juu siku zote mbili. Mhariri makini atafungua kiungo, na akikuta utafiti hausemi ulichodai, hataamini barua yako inayofuata.

Ukishatuma, subiri kama wiki moja au mbili, kisha uliza kwa ufupi. Ukimya ukiendelea, mjulishe kwamba unalipeleka pendekezo kwingine. Kulituma kwa wahariri wawili kwa siri ni hatari, maana wote wakilikubali itabidi umgeuke mmoja.

Kabla ya kutuma, jiulize: barua hii ingeweza kwenda kwa jarida lolote la afya bila kubadilishwa hata neno? Kama jibu ni ndiyo, usiitume. Rudi ukasome makala za mhariri unayemwandikia.