Moto ukae mafigani

Mdogo wangu alipomaliza kupiga bati la mwisho, aliniomba shairi la kuingia nyumbani. Hapa Luofu, kusini mwa wilaya ya Lubero, wengi huingia nyumba mpya kwa sala, chakula na kasiksi, basi. Lakini hii ilikuwa nyumba ya kwanza aliyoijenga yeye na mkewe, baada ya miaka ya kulala katika vyumba vya watu, na alitaka liwepo neno la kusomwa mlangoni, wageni wote wakiwa bado uani.

Niliandika beti nane usiku mmoja, nikampelekea baba mkubwa. Akazisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, umemsifu mwenye nyumba sana. Mawe yamebebwa na nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe. Nyumba kama hii haijengwi na mtu mmoja. Mawe ya msingi yalipandishwa kilimani kwa salongo ya Jumamosi mbili. Mbao zilitoka kwenye mikaratusi ya mkwe. Manjanja, maana ndivyo tunavyoyaita mabati, yalinunuliwa machache machache, kila mavuno ya viazi yakileta yake. Shairi linalosomwa mbele ya watu hao halina budi kuwarudishia jasho lao, na anayesahauliwa atakumbuka miaka mingi kuwa alisahauliwa.

Lakini majina ya Kinande yana shida yake. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na binti wa kwanza mara nyingi ni Masika. Ukitamka "Kambale" uani, vichwa kumi vinageuka. Kwa hiyo nilimtaja kila mtu kwa alichobeba: Kambale wa misumari, Masika wa maji ya udongo, Paluku wa ngazi. Wageni walicheka kwa furaha, na kila aliyetajwa alijua ni yeye. Ubeti wa kwanza nikaufungua hivi:

*Jiwe hili la msingi, limepanda na mabega*

Nilihesabu mizani nane na nane, si kwa kupenda sheria, bali kwa sababu ya pumzi. Anayesoma uani hushindana na watoto, kuku na upepo wa mlimani. Mstari mrefu hukatika katikati na maana hupotea, ila nusu ya mizani nane hufika hadi kwa bibi aliyekaa nyuma kabisa. Tena usisomee ndani: mvua ikianza juu ya manjanja, hata kengele haisikiki. Na kwa kuwa wazee wengine Kiswahili chetu cha mashairi huwapita, kila ubeti ulipokwisha niliacha nafasi, nao wakaitikia kwa Kinande, "Wasingya!", yaani asante. Nafasi hiyo ilimpa kila mtu sehemu yake katika shairi.

Ugumu mkubwa ulikuwa moto. Mwezi wa Aprili 2009 waasi wa FDLR waliingia Luofu usiku wakachoma nyumba zaidi ya 200, na watu wakafa humo, wakiwemo watoto. Nyumba ya baba yetu ilikuwa mojawapo ya zilizoungua. Kiwanja ni kilekile. Shangazi alinikataza: neno moto lisitajwe mlangoni. Baba mkubwa akasema nyumba isiyotajiwa moto ni ghala, maana mama wa nyumba ataingia na kaa la kuwashia jiko.

Nilikaa na maneno yao siku tatu. Kulificha neno moto kabisa kungekuwa uongo mbele ya watu waliokimbia usiku ule wakiwa na watoto mgongoni. Kuusimulia moto ule siku ya furaha nako kungewaumiza. Mwishowe nikaona moto una mahali pake, nikauweka hapo, katika ubeti wa mwisho:

*Moto kaa mafigani, usipande kwenye paa,*
*Upikie wa nyumbani, na mgeni mwenye njaa,*
*Tukuotapo jioni, usikumbushe balaa,*
*Uwe wetu wa amani, usiku utupe taa.*

Nilipofika "usiku utupe taa", hakuna aliyeitikia. Uani kulikuwa kimya, nikadhani nimekosea. Kisha shangazi mwenyewe, aliyenikataza, akainua kikapu chake, akatoa mawe matatu meusi yaliyofungwa kwa kitambaa. Yalikuwa mafiga ya jiko la mama yetu. Aliyaokota majivuni mwaka ule, na tangu hapo yalikuwa chini ya kitanda chake.

Akampa mke wa mdogo wangu. Yule akayapokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo, na ndipo mlango ukafunguliwa.