Je, Wajua? Kipimo cha dawa ya ukurutu kipo kidoleni mwako

Mtoto mwenye ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, akitoka kuogeshwa huwa na dakika chache tu kabla maji hayajakauka na kuiacha ngozi kavu kuliko mwanzo. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, bila dodoki. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, kisha mpake mafuta ya mgando mwili mzima angali na unyevu.

Krimu ya steroidi ni ya pale palipowasha na kuvimba tu. Kamua mstari kuanzia ncha ya kidole chako cha shahada hadi pingili ya kwanza: hiyo ni nusu gramu, na yatosha eneo la viganja 2 vya mtu mzima, pamoja na vidole. Haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni hafifu, hupakwa mara 1 au 2 kwa siku kama alivyoelekeza daktari. Wazazi wengi huogopa, wakapaka kiduchu, na mtoto akaendelea kujikuna usiku kucha. Cha kuogopa hasa ni krimu kali za kung'arishia ngozi, ambazo huikondesha. Ukiona usaha, magamba ya manjano au homa, mpeleke hospitali.