Karatasi ya fundi chumba cha baridi kinapozima

Alfajiri, geji ya mlangoni inasoma nyuzi hasi 6 badala ya hasi 18. Nyuma ya ghala kompresa inanguruma sekunde chache, inakata, kisha inajaribu tena. Kwa mwenye ghala la samaki, la kwanza ni kumpigia fundi. La pili, ambalo wengi hulisahau hadi mtambo utakapowaka tena, ni kuiarifu kampuni ya bima.

Bima ya kuharibika kwa mitambo hulipa uharibifu wa ghafla usiotarajiwa. Hailipi uchakavu, kutu, wala hitilafu iliyokuwa ikijitokeza kidogo kidogo huku mwenyewe anaiona. Kwa hiyo dai zima hukaa juu ya swali moja: kimetokea nini hasa? Na wa kulijibu ni fundi, kwa maandishi.

Taarifa ya kwanza haihitaji kungoja majibu hayo. Masharti yanayotumika sana kwenye bima hii hutaka taarifa itolewe mara moja kwa simu au ujumbe, ikifuatiwa na maandishi ndani ya siku 14. Barua fupi yatosha: namba ya hati ya bima, mtambo upi na namba yake ya kiwandani, saa ulipozima, nani aligundua, hatua gani zimechukuliwa kuzuia hasara zaidi. Mwishoni iandikwe kwamba ripoti ya fundi inafuata.

Ripoti nyingi za mafundi huishia na maneno mawili: "Kompresa imeungua." Maneno hayo yanataja kilichoharibika, hayasemi sababu. Mkaguzi wa bima akiyasoma anaweza kudhani mashine ilizeeka tu.

Tuseme kompresa ni ya fezi tatu, ya aina inayofunguka kwa bolti. Fundi anapima ukinzani wa koili kati ya kila jozi ya vituo vya umeme. Mota nzima hutoa vipimo vinavyokaribiana, hapa havilingani. Anapima pia kati ya koili na bodi, anakuta umeme unavuja. Akifungua, mafuta ni meusi na yananuka kuungua, na makundi mawili ya koili yamekuwa makaa ilhali la tatu bado linang'aa. Kwa mota iliyofungwa kwa mtindo wa nyota, hiyo ni alama ya fezi moja kukatika mota ikiwa kazini. Fundi anarudi kwenye kontakta na kukuta ncha moja imeyeyuka. Sasa ana sababu, ana ushahidi, na ana picha. Ripoti inayoeleza hayo kwa mpangilio huo, yenye tarehe, vipimo na sahihi, huacha maswali machache sana.

Swali moja litabaki, nalo ni la haki: kwa nini kinga ya fezi haikukata umeme? Kama ilikuwa imerukwa kwa waya ili mtambo usizimezime, dai liko hatarini. Fundi aliyefika aandike alivyoikuta, hata kama haipendezi.

Kompresa ya zamani isiuzwe kama chakavu. Iwekwe pembeni pamoja na kontakta yake mpaka kampuni ikague au iruhusu kwa maandishi. Matengenezo makubwa nayo yasubiri ruhusa hiyo.

Kotesheni ndiyo kiambatisho cha pili, na jumla moja ya chini haitoshi. Kila kitu kipewe mstari wake: kompresa, kichujio cha unyevu, mafuta, gesi, kazi, usafiri, kodi. Sababu ni ya pesa. Sera nyingi huondoa gesi na vitu vingine vya kutumika, na kilichochanganywa hukatwa kwa kukisia. Kama fundi anaongeza kifaa kipya ambacho hakikuwepo, nacho kitengwe, kwani bima hurudisha mtambo ulipokuwa, haiuboreshi.

Tuchukue kotesheni ya shilingi 8,600,000, ambamo 600,000 ni gesi isiyolipwa. Zinabaki 8,000,000. Lakini mtambo mpya wa aina hiyo hununuliwa kwa milioni 60, na mwenye ghala aliukatia bima ya milioni 45, bei aliyonunulia zamani. Amekata robo tatu, atalipwa robo tatu: 6,000,000. Ukitoa 500,000 ambazo sera inamtaka abebe mwenyewe, hundi itakuwa 5,500,000. Kosa hapo halikuwa la fundi wala la barua. Lilifanyika siku ya kujaza fomu.

Samaki walioharibika hawamo kwenye hesabu hiyo. Bidhaa zinazooza kwa sababu mtambo umezima zina bima yake ya ziada, na anayeidai ataombwa daftari la joto la kila siku.